Saa 20 za masomo bila kusimba upya: kisa cha vipande 96 vya kamera

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa amerekodi masomo yake kwa ajili ya shule za wenzake huko Mbale, alituletea ofisini kwetu Kampala diski ya nje yenye folda 24. Kila folda ilikuwa somo moja la dakika 50 hivi, lakini ndani yake hapakuwa na faili moja. Kulikuwa na nne, zenye majina kama `00000.MTS` na `00001.MTS`, kwa sababu kamera yake hufunga faili kila inapofika gigabaiti 2 na kufungua nyingine bila kusimama kurekodi. Alitaka mambo matatu: vipande vya kila somo viunganishwe, dakika za mwanzo ambamo wanafunzi wanavuta viti na mwalimu anafuta ubao ziondolewe, na kila somo liwe faili la MP4 linalofunguka kwenye simu na kwenye televisheni ya shule.

Kijana tunayefanya naye kazi alianza kama wengi wanavyoanza: alifungua programu ya kuhariri video, akaburuta vipande vinne, akabonyeza kitufe cha kutoa faili. Laptopu yetu ni ya zamani, na kasi aliyoiona ilikuwa chini ya nusu ya kasi ya kutazama. ffmpeg, programu ya kushughulikia video kwa amri za maandishi, ilipofanya kazi ileile ya kusimba upya iliandika `speed=0.4x`, maana yake somo la dakika 50 lingechukua zaidi ya saa mbili, na masomo yote 24, yaani saa 20 za video, yangechukua saa 50 za kompyuta kutokwa jasho bila kupumzika. Kwa umeme wetu wa kukatikakatika, hesabu hiyo ilikuwa ndoto. Zaidi ya hayo, picha ingesimbwa mara ya pili, na kila usimbaji wa namna hiyo hupunguza ubora hata kidogo.

Ila hakuna lolote kati ya mambo matatu aliyoyataka mwalimu linalodai picha iguswe. Faili la video ni kasha, na ndani ya kasha mna mikondo: mmoja wa picha, mmoja wa sauti, wakati mwingine na mwingine wa maandishi. MTS ni aina moja ya kasha na MP4 ni nyingine, lakini picha iliyomo kwenye yote mawili yaweza kuwa ileile ya H.264. Ukiiambia ffmpeg `-c copy`, haifungui picha hata moja. Huchukua pakiti zilivyo, ikaziandika katika kasha jipya na kuzipangia muda. Kinachotawala kasi hapo ni diski, wala si kichakataji. Kamera ya mwalimu iliandika kwa takriban megabiti 17 kwa sekunde, kwa hiyo somo moja lilikuwa na gigabaiti 6.4 hivi, na diski yetu ililisoma na kuliandika upya kwa dakika tatu au nne.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpangilio. Kijana alibadilisha kila kipande kuwa MP4 peke yake, kisha akaunganisha zile MP4 nne. Faili lilifunguka vizuri na urefu ulikuwa sawa, hata akadhani kazi imekwisha. Nilimwomba aruke moja kwa moja hadi mahali kipande cha kwanza kinapokutana na cha pili, karibu na dakika ya 16, tusikilize kwa visikilizio. Mwalimu alikuwa anasema neno "ngeli"; tulisikia "nge", kisha mkwaruzo mfupi, kisha neno lililofuata. Tukaenda kwenye kiungo cha pili, hali ikawa ileile.

Sababu ni kwamba kamera haikati mahali pa heshima. Inaandika mkondo mmoja mrefu, na faili linapojaa inaendelea katika faili jingine pale pale ilipofikia, hata ikiwa katikati ya pakiti ya sauti. Nusu ya pakiti hubaki mwishoni mwa `00000.MTS` na nusu nyingine mwanzoni mwa `00001.MTS`. Ukivishughulikia vipande kimoja kimoja, ffmpeg inaona pakiti iliyovunjika upande huu na iliyovunjika upande ule, na huzitupa zote mbili. Dawa ni kuvigundisha vipande baiti kwa baiti kabla ya kuvitafsiri, jambo ambalo kasha la MTS linaliruhusu kwa sababu halina faharasa moja inayotawala faili zima. ffmpeg ina njia ya kufanya hivyo bila hata kuandika faili la kati:

```
for d in somo_*; do
  v=$(ls "$d"/*.MTS | paste -sd'|' -)
  ffmpeg -nostdin -i "concat:$v" -map 0:v:0 -map 0:a:0 \
    -c:v copy -c:a aac -b:a 192k "$d.mp4"
done
```

Alama za nukuu zinazozunguka `concat:` si pambo. Ukiandika majina ya vipande kwa mkono bila hizo, ganda la amri huichukulia ile `|` kuwa bomba la kupitishia matokeo, na utapata malalamiko ambayo hayahusiani kabisa na video. Njia hii usiitumie kwa MP4 zilizokamilika, kwa kuwa kila MP4 ina faharasa yake na ukizigundisha baiti kwa baiti kichezeshi kitaisoma ya kwanza tu.

Msomaji makini ameona kwamba sauti sikuinakili. Kamera hiyo huandika sauti ya AC-3, ambayo MP4 inakubali kuibeba, lakini simu nyingi hazina leseni ya kuicheza: picha inatembea kimya, na mwenye simu anasema faili lako ni bovu. Kusimba sauti ya stirio kuwa AAC ni kazi nyepesi, inayokwenda mara kadhaa zaidi ya kasi ya kusikiliza hata kwenye mashine yetu, kwa hiyo nilikubali kukiuka kanuni kwa mkondo huo mmoja. Zile `-map` mbili zipo kwa sababu kamera za namna hii huweza kubeba mkondo wa tatu wenye tarehe na saa, ambao MP4 haina mahali pa kuuweka, nazo zinahakikisha kwamba picha na sauti tu ndizo zinazochukuliwa.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika tukiwa kwenye somo la kumi na moja, na betri ya laptopu hiyo haishiki. Masomo kumi yaliyokwisha yalikuwa salama. La kumi na moja lilikuwa na gigabaiti nne za data diskini, lakini lilipofunguliwa lilitoa ujumbe huu:

```
moov atom not found
```

MP4 huandika faharasa yake, hiyo `moov`, mwishoni kabisa kazi inapokamilika. Kabla ya hapo faili ni lundo la pakiti lisilo na ramani. Hatukujaribu kulifufua, maana vipande vya asili vilikuwapo: tulilifuta, tukarudia somo hilo na yaliyofuata. Kama ingekuwa rekodi ya moja kwa moja isiyo na nakala nyingine, ningeiandika kwenye kasha la MKV, ambalo likikatizwa hucheza hadi pale lilipofikia, kisha kulihamishia kwenye MP4 baadaye kwa `-c copy`. Hadi asubuhi tulikuwa na masomo 24 mazima, na viungo vyake vilipita bila mkwaruzo.

Kukata ndiko kulikotuchukua muda wa kufikiri. Picha za H.264 hazihifadhiwi zote kwa ukamilifu. Fremu moja huhifadhiwa kamili, na zinazofuata huhifadhi tofauti tu kati yao na jirani zao, hadi fremu kamili nyingine ifike. Unaponakili bila kusimba, mkato wa mwanzo hauna budi kuangukia fremu kamili, kwa sababu nyingine zote haziwezi kusimama peke yake. Ukiomba wakati usio na fremu kamili, ffmpeg inarudi nyuma hadi iliyo karibu, inanakili kuanzia hapo, na ndani ya MP4 inaacha maelekezo ya kukiambia kichezeshi kiruke hadi pale ulipoomba. Vichezeshi vingine hutii maelekezo hayo na vingine huyapuuza, ndiyo maana mkato uleule waonekana safi kwenye laptopu lakini kwenye televisheni unaanza mapema kidogo. Sikupenda kuacha jambo hilo kwa bahati. Nilitafuta fremu kamili zenyewe na kukata juu yake.

Katika somo la saba, neno la kwanza la mwalimu linasikika kwenye sekunde ya 187.9, yaani dakika tatu na sekunde nane kasoro kidogo. Amri hii huorodhesha pakiti za picha katika sekunde chache za jirani na kuchuja zenye alama ya K, ambayo ndiyo alama ya fremu kamili:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -read_intervals 186%189 \
  -show_entries packet=pts_time,flags -of csv=p=0 somo_07.mp4 | grep K
```

Kati ya mistari iliyotujibu, hii ndiyo iliyokuwa karibu na neno hilo la kwanza:

```
187.040000,K__
187.520000,K__
188.000000,K__
```

Tofauti ni sekunde 0.48, yaani fremu 12 kwa kasi ya fremu 25. Tulichagua 187.520. Mwalimu angali anapumua, ubao umetulia, na 188.000 ingekata herufi ya kwanza. Kamera hii ilitupendelea. Faili lililosimbwa na kisimbaji cha x264 kwa mipangilio yake ya kawaida laweza kuwa na hadi fremu 250 kati ya fremu kamili mbili, na kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde kumi nzima. Hapo mara nyingi hupati mahali pa kukata bila kumeza sentensi au kubeba takataka, na ni heri ukubali kusimba upya kuliko kujidanganya. Kumbuka pia kwamba nilizitafuta nyakati hizi kwenye MP4 iliyokwisha kuunganishwa wala si kwenye MTS, kwa kuwa saa ya MTS haianzii sifuri, na namba anazotoa `ffprobe` huko hazilingani na zile ambazo `-ss`, alama ya kutaja mwanzo wa mkato, inazitarajia.

Mwalimu aliomba jambo la nne tulipomwonyesha faili la kwanza. "Flashi za shule hazipokei faili kubwa," alisema. Alikuwa sahihi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalofika gigabaiti 4, na televisheni ya shule haikusoma mfumo mwingine. Somo lililokatwa kingo zake lilibaki na dakika 45 na gigabaiti 5.7. Kunakili bila kusimba hakupunguzi ukubwa hata kidogo, kwa hiyo njia pekee ilikuwa kuligawa kila somo mara mbili. Tulimwachia mwalimu achague mahali, naye akachagua pale anapowapa wanafunzi zoezi la katikati. Kila nusu ikawa na dakika 22 hivi na chini ya gigabaiti 3.

Tuliandika mikato yote 48 kwenye faili la maandishi, mstari mmoja kwa kila nusu: jina la somo, mwanzo, mwisho, jina jipya. Kitanzi cha kuusoma kilikuwa hiki:

```
while IFS=, read -r f a b jina; do
  ffmpeg -nostdin -ss "$a" -to "$b" -i "$f" -c copy "$jina"
done < mikato.csv
```

Kuna mitego miwili hapa, na tuliingia katika yote. Toleo la kwanza la kijana liliweka `-ss` kabla ya `-i` na `-to` baada yake. Amri haikulalamika, lakini nusu ya kwanza ya somo la saba ilizidi kwa dakika tatu na sekunde saba. Ukiweka `-ss` upande wa kuingiza, saa ya faili huanza upya kutoka sifuri, na `-to` iliyowekwa upande wa kutoa huhesabu kwa saa hiyo mpya, ikawa kama umetaja urefu badala ya mwisho. Zote mbili zikikaa kabla ya `-i` zinasoma saa moja. Ziada iliyolingana kabisa na namba ya mwanzo ndiyo iliyotuonyesha kosa lilipo.

Mtego wa pili unashangaza zaidi. Mkato wa kwanza ulipita, wa pili ukasema haupati faili `mo_01.mp4`. Jina lilikuwa limepoteza herufi mbili za mwanzo, na tulikagua `mikato.csv` mara tatu bila kuona kasoro. Mwizi alikuwa ffmpeg mwenyewe. Inapofanya kazi husikiliza kibodi, ili ukibonyeza `q` isimame, na ndani ya kitanzi hiki kibodi yake ilikuwa ni faili letu la mikato. Ilikula herufi zilizokuwa zikisubiri mstari unaofuata. Neno `-nostdin` linaiziba masikio. Tangu siku hiyo naliandika kwenye kila kitanzi, hata pale ambapo halihitajiki.

Mikato yote 48 ilikwisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na hapo ndipo mwalimu alipotuma utangulizi. Ulikuwa wa sekunde nane, wenye jina la mfululizo na mlio mfupi wa ngoma, umetengenezwa kwenye simu. Alitaka utangulie kila faili. Safari hii tulikuwa na MP4 zilizokamilika, kwa hiyo chombo ni kingine: orodha ya majina katika faili, kila jina kwenye mstari wake likitanguliwa na neno `file`, kisha amri ya kuzisoma kwa zamu.

```
ffmpeg -f concat -i orodha.txt -c copy somo_07a_kamili.mp4
```

ffmpeg haikutoa kosa lolote, na hilo ndilo la kuogofya. Faili lililotoka lilikuwa na urefu wa zaidi ya saa mbili badala ya dakika 22. Baada ya ngoma, mwalimu alinyanyua mkono kama mtu aliye ndani ya maji, huku sauti yake ikitoka nzito, ikikwaruza, na kumtangulia mbali. Njia hii ya kuunganisha inachukua maelezo ya mikondo kutoka faili la kwanza katika orodha na kudhani yaliyofuata yanafanana nalo. Nililinganisha kwa `ffprobe`: utangulizi ulikuwa na sauti ya sampuli 44100 kwa sekunde na kipimo cha muda cha `15360 tbn`, na somo lilikuwa na 48000 na `90k tbn`. Namba za muda za somo zilisomwa kwa rula isiyo yake, na 90000 ukiigawanya kwa 15360 unapata karibu 5.9, ambayo ni mara ileile picha ilivyochelewa. Uzito wa sauti nao ulitoka kwenye tofauti ya 48000 na 44100.

Kusimba upya masomo ili yafanane na utangulizi kungekuwa wazimu. Tulisimba upya zile sekunde nane:

```
ffmpeg -i utangulizi.mp4 -vf "scale=1920:1080,fps=25,format=yuv420p" \
  -c:v libx264 -c:a aac -ar 48000 -ac 2 \
  -video_track_timescale 90000 utangulizi_25.mp4
```

Ilichukua chini ya dakika moja. Muunganiko mpya ulikuwa na urefu sahihi, sauti ya mwalimu ikarudi kuwa yake, na faili likacheza kwenye laptopu na kwenye simu zetu zote mbili. Nilikuwa tayari kuendesha kitanzi kwa faili zote, ila nilimwomba mwalimu kwanza aijaribu moja kwenye televisheni ya shule. Alipiga simu jioni: ngoma ilisikika, jina la mfululizo likaonekana, kisha picha ikaganda kwenye sekunde ya nane huku sauti ikiendelea.

Hilo halina dawa ndani ya `-c copy`. Mkondo wa H.264 una maelezo mafupi yanayomwambia msimbuaji jinsi ya kuusoma, na MP4 huyaweka kichwani mwa faili. x264 na kamera ya mwalimu huandika maelezo tofauti, hata ukubwa wa picha na kasi ya fremu vikiwa sawa. ffmpeg hubeba maelezo ya pili ndani ya mkondo wenyewe pale picha zinapobadilika, na vichezeshi vyepesi kuelewa huyaona. Televisheni ile ilisoma ya kichwani tu, ikajaribu kusimbua picha za kamera kwa kanuni za utangulizi, ikashindwa.

Nilimweleza mwalimu kwamba angeweza kupata utangulizi ndani ya kila faili kwa gharama ya saa hamsini za kusimba, au kuupata kama faili la pekee linalotangulia mengine kwenye flashi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jina linaweza kuanza kwa sifuri ili televisheni iuonyeshe juu ya orodha. Tuliuita `00_utangulizi.mp4`.